Saa Ishirini za Juma
Hotuba ya karani wa chama juu ya kazi za mwisho wa juma kwa watoto wetu wanaosoma Uingereza, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ziwani



Halmashauri imenitaka niseme habari za watoto wetu walio ng'ambo kwa ajili ya masomo, ambao hutafuta fedha kidogo siku za Jumamosi na Jumapili, na habari za sheria ya viza inayowapimia saa za kufanya kazi. Nadhani nimechaguliwa mimi kwa kuwa wazazi wengi wa hapa Ziwani na wa Kariokor huniletea barua na karatasi za watoto wao niwasomee, na ili niweze kuwajibu imenibidi kuzisoma sheria zenyewe kama zilivyochapishwa na serikali ya Uingereza. Naomba radhi kwa wale walio na watoto katika nchi nyingine, kwa maana nitasema juu ya Uingereza peke yake.

Sababu ya kufanya hivyo ni hii. Kila nchi ina kipimo chake, na shauri jema la nchi moja laweza kumwangamiza mtu katika nchi ya pili. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2023, mwanafunzi mgeni aliwekewa saa 48 katika muda wa majuma mawili, kwa hiyo aliyefanya kazi nyingi juma hili aliweza kupunguza juma lijalo, na hesabu ikawa sawa. Kanada, tangu Novemba 2024, kipimo kiliwekwa kuwa saa 24 kwa juma nje ya chuo. Uingereza ni saa 20 kwa juma wakati wa masomo kwa mwanafunzi wa shahada, na saa 10 kwa anayesoma masomo yaliyo chini ya shahada, wala haina kufidia. Mzee mmoja wa chama hiki alimwambia mwanawe aliyekuwa Uingereza amfuate ndugu yake aliyeko Melbourne katika kuhesabu saa, kwa kuwa ndugu huyo alikuwa ametangulia kutoka nyumbani. Yule ndugu alisema kweli tupu, ila ilikuwa kweli ya Melbourne.

Sasa niieleze sheria yenyewe. Juma, kwa mujibu wa serikali ya Uingereza, ni siku saba zinazoanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Katika siku hizo saba, kazi zote za mwanafunzi hujumlishwa pamoja, hata kama ana waajiri wawili au watatu wasiojuana. Kazi isiyolipwa pia huhesabiwa, ikiwa ni kazi ambayo mtu angestahili kulipwa. Na mafunzo ambayo mwajiri amemlazimisha mfanyakazi ayahudhurie ni kazi. Mwanafunzi akifanya saa 23 juma la kwanza na saa 10 juma la pili, hakuna atakayemwambia kwamba wastani wake ni mdogo. Amevunja sharti la viza katika juma la kwanza, basi.

Wazee wetu walioishi siku za kipande, kile kilichowekwa na sheria ya mwaka 1915, hawahitaji kuelezwa maana ya mtu kwenda kazini na karatasi inayosema mambo yake yote. Tofauti ni kwamba huko Uingereza siku hizi hata karatasi haipo. Kadi za wageni zilikoma kutumika mwisho wa mwaka 2024, na ruhusa ya mtu imewekwa katika mtandao wa serikali. Akitaka kuajiriwa, mwanafunzi hujipatia humo namba yenye herufi na tarakimu 9, ikianza na herufi W, naye humpa mwajiri. Mwajiri akiiingiza huona picha ya mtu huyo, na huona kwamba asizidishe saa 20 wakati wa masomo. Kisha humtaka barua au ukurasa wa chuo unaoonyesha tarehe za mihula na likizo, auweke katika faili lake. Hafanyi hivyo kwa kupenda udadisi. Tangu Februari 2024, mwajiri aliyepatikana amemtumia mtu asiye na ruhusa ya kazi ile aliweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa mtu mmoja, na hadi 60,000 akirudia.

Nichukue sasa mfano wa binti mmoja, mtoto wa mwanachama wetu, ambaye kwa idhini ya babake nimeruhusiwa kueleza hesabu zake bila kumtaja jina. Alikwenda mji wa Leicester mwaka 2025 kwa shahada ya uzamili. Akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nyumba ambamo watu waliokwisha kuzeeka huoshwa, hulishwa na kugeuzwa kitandani usiku. Zamu ya usiku huanza saa mbili usiku na kwisha saa mbili asubuhi, yaani muda wa saa 12. Msimamizi alimpa zamu mbili kila mwisho wa juma: usiku wa Jumamosi, na usiku wa Jumapili.

Mtu akihesabu kwa haraka atasema zamu mbili ni saa 24, basi zimezidi. Mwingine atasema saa za Jumatatu alfajiri ni za jana yake, maana zamu ni moja. Wote wawili hawajafika kwenye hesabu. Tuifanye polepole, na mwenye kalamu aandike.

Zamu ya Jumamosi usiku ina saa 4 kabla ya saa sita za usiku, na saa 8 baada yake. Zote 12 zimo katika juma lile lile, kwa kuwa Jumapili bado ni ya juma hilo. Zamu ya Jumapili usiku ni jambo jingine. Saa 4 za kwanza ni za juma linalokwisha, lakini saa sita za usiku zikigonga Jumatatu imeingia, na saa 8 zilizobaki huandikwa katika juma jipya. Kwa hiyo juma la kwanza la kazi yake lilikuwa na saa 16 tu, na mtu angedhani mambo ni salama. Juma la pili ndilo lenye mtego. Lilianza na zile saa 8 za Jumatatu asubuhi, na kama angefanya tena zamu zote mbili, angeongeza 16 juu yake, jumla 24. Angevunja sheria juma la pili, la tatu, na kila juma lililofuata, ilhali msimamizi wake anaona ratiba ile ile iliyokuwa halali mwanzoni.

Binti huyu alikaa na kalenda akaona njia. Mwisho wa juma mmoja angefanya zamu mbili, na mwisho wa juma unaofuata angefanya ya Jumamosi peke yake. Alianza usiku wa Jumamosi, Oktoba 11 2025, akafanya na Jumapili. Juma lile likawa na saa 16. Juma lililoanza Jumatatu, Oktoba 13, lilikuwa na saa 8 za asubuhi ile na saa 12 za Jumamosi ya tarehe 18, jumla 20 kamili. Juma lililofuata halikuwa na saa za Jumatatu, kwa hiyo zamu zake mbili zilileta 16 tena. Hivyo hesabu yake hupanda na kushuka, 16 na 20, 16 na 20, wala haizidi. Ajabu ni kwamba juma ambalo mwisho wake anaonekana kufanya kazi nyingi ndilo lenye saa chache, na lile la zamu moja ndilo lililojaa mpaka ukingoni.

Katika juma lililojaa hivyo, hata saa moja haina mahali pa kuingia. Msimamizi alimwita siku ya Jumatano, Oktoba 15, aje ajifunze namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumia mgongo, mafunzo ya saa 3, tena ya lazima. Angekwenda, juma lile lingekuwa na saa 23. Akamwandikia msimamizi kwamba juma hilo limejaa, akaomba apangiwe juma linalofuata, ambalo lilikuwa na nafasi ya saa 4. Msimamizi akakubali bila neno. Hapo ningependa wazazi wajue kwamba huko mfanyakazi kumwambia mkubwa wake, "Viza yangu hainiruhusu," hahesabiwi kuwa mtovu wa adabu. Mwajiri anaogopa faini kuliko anavyohitaji zamu moja.

Kisha likatokea jambo ambalo sisi wa nchi za jua hatulijui. Waingereza hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka huo ilikuwa tarehe 26. Aliyekuwa kazini usiku ule alifanya saa 13 badala ya 12, kwa kuwa saa moja ya usiku ilipita mara mbili. Juma lile la binti lilipaswa kuwa na saa 16 za zamu na 3 za mafunzo, jumla 19, likawa na saa 20 barabara. Lau usiku ule ungeangukia juma la 20, angetoka nje ya sheria akiwa amesimama mahali pale pale. Mwenye zamu za usiku na atazame kalenda ya Oktoba mapema. Mwezi wa Machi saa huenda mbele, usiku ukawa mfupi, na hapo hakuna hatari.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, huwanasa watoto wetu wengi zaidi kuliko hesabu ya saa. Nalo ni lugha yetu hii tunayosemea hapa.

Kiswahili kina soko Uingereza. Kuna Wakongo kutoka Bukavu, Goma na Bunia, kuna Watanzania, kuna Wabajuni kutoka visiwa vya kusini mwa Somalia, na hawa wote hufika hospitalini, mahakamani na katika ofisi za uhamiaji wakihitaji mkalimani. Mashirika ya ukalimani hutafuta watu, na kazi nyingi hufanywa kwa simu, mtu akiwa chumbani mwake. Mtoto wa Nairobi akisikia habari hiyo hufurahi sana. Haachi kitanda chake, hainui mgonjwa, na malipo ya saa moja aghalabu huzidi ya nyumba ya wazee. Tena ni saa chache, pengine 5 au 6 za mwisho wa juma, mbali kabisa na 20. Atauliza, pana kosa gani hapo?

Kosa ni kwamba viza ya mwanafunzi ina sharti la pili, lisilotajwa sana barazani. Mwanafunzi hana ruhusa ya kujiajiri wala kufanya biashara yake mwenyewe, hata kwa saa moja. Na mashirika mengi ya ukalimani hayamwajiri mkalimani. Humwandika kuwa mtu anayejitegemea, anayeliuzia shirika kazi yake. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefanya ukalimani wa saa 5 kwa namna hiyo amevunja sharti la viza, na mwenzake aliyeosha wazee saa 20 hajavunja lolote.

Mtu atajuaje? Asitazame jina la kazi, atazame mkataba na namna ya malipo. Akiwa mwajiriwa, mwajiri humkata kodi na bima ya taifa kabla ya kumlipa, humpa hati ya mshahara inayoonyesha makato hayo, na humhesabia siku za likizo zenye malipo. Akiwa anajitegemea, yeye mwenyewe hupeleka ankara kila mwezi, hulipwa fedha nzima bila makato, na mkataba wake humwambia kwamba kodi ni juu yake kujiandikisha na kulipa. Maneno hayo yakionekana, mwanafunzi aweke kalamu chini. Binti wa Leicester alipelekewa mkataba wa namna hiyo, kurasa tisa, naye akanitumia nikausoma. Katika ukurasa wa pili ulisema wazi kwamba hakuna uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa baina ya pande mbili. Akaukataa, ingawa aliona uchungu, maana aliipenda kazi ile.

Niongeze jambo dogo, hata kama liko kando kidogo. Hata siku atakaporuhusiwa, asidhani kwamba Kiswahili cha Eastlands kinatosha kumsemea mtu wa Bunia mbele ya hakimu, au kumwelewa mzee Mbajuni. Maneno yanafanana na maana zinaachana, na maisha ya mtu yamo ndani ya neno hilo.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayozuia kazi nyingine ambazo vijana huziona nyepesi. Kumfundisha Mmarekani Kiswahili kupitia mtandao, kwa malipo, ni kujiajiri, ingawa mwanafunzi huyo yuko Amerika, kwa sababu mwalimu ameketi Uingereza. Kupeleka vyakula nyumba kwa nyumba kwa baiskeli kwa kawaida ni kujiajiri. Wako wanaokodi jina la mtu mwingine mwenye ruhusa wapate kupanda baiskeli hiyo, na huyo amevunja sheria mara mbili, tena fedha yake huingia kwanza mfukoni mwa mwenye jina, ampe au asimpe. Lakini chuo kikimwajiri mwanafunzi awasaidie wanaojifunza Kiswahili, akalipwa kwa hati ya mshahara kama mfanyakazi mwingine, ni halali, na saa zake huingia katika zile 20. Lugha ni ile ile, ila mkataba ni mwingine.

Wapo watakaosema, "Nani atajua?" Habari za mshahara wa mwajiriwa hupelekwa kwa wakusanya kodi wa serikali kila unapolipwa, na idara ya uhamiaji yaweza kuomba habari hizo. Anayejitegemea akijiandikisha kodi amejishtaki mwenyewe, na asipojiandikisha ana kosa la kodi juu ya kosa la viza. Anayelipwa mkononi, pasipo hati, aghalabu hulipwa chini ya kima halali, naye hawezi kulalamika. Mambo haya mara nyingi hayaonekani siku ile ile. Huonekana mwaka wa pili, mtu anapoomba viza nyingine na kuulizwa kazi alizozifanya. Ruhusa yaweza kufutwa, maombi yaweza kukataliwa, na karo iliyokwisha kulipwa haibebeki kurudi nayo Nairobi.

Wazee wangu, sasa niseme neno linalotuhusu sisi wenyewe, na nitasema kwa heshima yote. Kijana hazidishi saa kwa ulafi. Aghalabu huzidisha kwa sababu ya simu iliyotoka nyumbani.

Tuhesabu fedha ya binti yule. Kima cha chini cha mshahara Uingereza, kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, kiliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa tangu Aprili 2025, naye alilipwa hicho. Kwa mpango wake wa 16 na 20, majuma manne yana saa 72. Huo ni mshahara wa pauni 879 na senti 12. Kodi ya mapato hakukatwa, kwa kuwa mtu alikuwa na haki ya kupata hadi pauni 12,570 kwa mwaka kabla ya kuanza kukatwa. Chumba chake kilimgharimu pauni 480 kwa mwezi. Chakula 200. Basi, simu na vitu vidogo 90. Jumla ni 770. Zilizobaki ni pauni 109, ambazo kwa kadiri ya shilingi 170 kwa pauni ni kama shilingi 18,500. Na hapo hajanunua koti la baridi, wala kitabu, wala hajaweka akiba ya karo ya muhula wa pili.

Hiyo ndiyo fedha yote ya kupigania. Mzazi akimwomba shilingi 40,000 kwa mwezi kwa karo ya mdogo wake, amemwomba, pasipo kujua, afanye kazi ambayo sheria haimruhusu. Hataandika hivyo katika ujumbe. Ataandika tu, "Nitatafuta." Babake binti huyu alinijia na daftari lake baada ya kuiona hesabu hiyo, tukapunguza kilichokuwa kikitarajiwa kutoka Leicester hadi shilingi 10,000, na karo ya mdogo wake ikatafutiwa njia hapa hapa, kwa mkopo wa chama unaolipwa kidogo kidogo.

Tena kuna lile jambo la fedha ya kuonyesha. Sheria yataka anayeomba viza ya masomo aonyeshe karo iliyobaki na fedha ya matumizi ya hadi miezi 9, iliyokaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi hicho, katika hesabu yake au ya mzazi. Fedha hiyo imekusudiwa ikaliwe huko. Lakini sote twajua yanayofanyika katika mitaa yetu. Fedha huazimwa kwa watu kumi, huwekwa katika hesabu ya mzazi, siku 28 zikipita na viza ikipatikana kila mtu huchukua chake. Maofisa wakitambua kwamba fedha si ya mwombaji kweli, hukataa maombi. Wasipotambua, ndipo mambo yawapo mabaya zaidi kwa namna nyingine. Mtoto hushuka uwanja wa ndege mwezi wa Septemba akiwa na fedha ya juma moja, na huyo ndiye atakayekubali kazi yoyote, kwa saa zozote, kwa jina lolote.

Chama hiki kimeombwa fedha za namna hiyo mara kadhaa. Naona tusizitoe. Nimeleta mbele ya Halmashauri pendekezo kwamba badala ya kuazima kiasi kikubwa kwa siku 28, tutoe kiasi kidogo ambacho hakirudi mpaka mwanafunzi amalize masomo, cha kulipia chumba cha miezi mitatu ya kwanza. Kwa kodi ya chumba niliyoitaja, ni pauni 1,440, yapata shilingi 245,000. Najua ni fedha nyingi kwa mfuko wetu, na kwa mwaka hatungeweza kumsaidia zaidi ya mtu mmoja. Pendekezo hilo litajadiliwa katika shughuli ya saba ya mkutano huu.

Limebaki swali la likizo, ambalo akina mama wameniuliza. Wakati wa likizo ya chuo mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa zote za juma, akiwa mwajiriwa, na hapo ndipo apatapo nafasi ya kuweka akiba. Katika likizo ya Krismasi binti yetu alifanya majuma matatu ya saa 40, akapata pauni 1,465 kabla ya makato, akaziweka kwa ajili ya karo. Lakini aanze siku iliyoandikwa na chuo kuwa mwanzo wa likizo, wala asifuate siku ambayo mwalimu wake aliacha kufundisha. Juma ambalo chuo huliacha bila vipindi katikati ya muhula, wanafunzi wapate kusoma, bado ni la muhula, na saa 20 hazibadiliki.

Na kwa wanafunzi wa uzamili kuna jambo la kuangaliwa sana. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo vijana wa shahada ya kwanza huiita likizo, kwao kwa kawaida ni muda wa masomo, kwa kuwa ndipo wanapoandika tasnifu, ingawa madarasa yamefungwa na hakuna mtu kwenye ua wa chuo. Vijana wawili wanaokaa nyumba moja wanaweza kuwa na sheria mbili mwezi huo huo. Wa kwanza afanye kazi saa 40, wa pili 20, na mwajiri wao ni mmoja. Akimaliza masomo na kupewa viza ya wahitimu, iliyoanzishwa Julai 2021, ndipo huweza kujiajiri na kufanya ukalimani autakao. Viza hiyo ilianza kwa miaka miwili, na mwaka 2025 serikali yao ilitangaza kwamba watakaoomba kuanzia Januari 1 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya uzamifu.

Mzazi atakaye kuhakikisha tarehe za mwanawe na aniletee ile barua ya chuo yenye mihula, nami nitamwandikia majuma yake moja moja katika kalenda. Niko ofisini Jumanne na Alhamisi, baada ya saa kumi na moja jioni.